Spritsi ya madanzi: 3-2-1 anaijua kila mtu, mchawi ni barafu

Mi nimeosha glasi muda mrefu kwenye baa moja ya ufukweni Watamu kabla sijaruhusiwa kushika chupa, na kinywaji cha kwanza kabisa nilichopewa kuchanganya kilikuwa spritsi, kwa sababu bosi wetu, mama mmoja wa Treviso tuliyekuwa tunamwita Sinyora, alikuwa anaamini hiyo haiwezi kumshinda hata mtoto. Ikanishinda. Na kilichoniuma ni kwamba vipimo nilivipata sawasawa, sikukosea hata tone, lakini mzee mmoja Mtaliano akaonja, akainua glasi akaiangalia kwenye taa, akaniuliza kwa Kiswahili chake kile cha Malindi, "Kijana, haya ni maji umeoshea machungwa?"

Sinyora hakunigombeza. Alinipeleka kaunta akanikabidhi chupa ya mvinyo.

"Shika. Ikoje?"

"Ya moto kidogo." Katoni zilikuwa zimeshushwa mchana huo huo.

"Na hii ya rangi?"

"Hii nayo ya moto." Ilikuwa inakaa rafu ya nyuma, pale jua la jioni linapopiga.

"Sasa nani atazipoza?"

"Barafu, Sinyora."

"Na barafu ikishamaliza kupoza inakuwa nini?"

Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipoielewa spritsi, na mwongozo huu wote umetoka kwenye swali lile, kwa hiyo kama unasoma haraka haraka beba hiyo tu: barafu inahesabiwa kwenye vipimo, ni kiungo cha nne, na usipoihesabu itajihesabu yenyewe.

Haya tuanze na kitu chenyewe. Spritsi asili yake ni Veneto, kule kaskazini mashariki mwa Italia, Venezia, Padova, Treviso na jirani zake. Karne ya 19 eneo lile lilikuwa chini ya Waustria mpaka 1866, na hadithi inayosimuliwa kule ni kwamba askari wao waliona mvinyo wa wenyeji ni mkali wakawa wanauongeza maji, na neno lenyewe ni la Kijerumani, maana yake kunyunyiza au kurusha maji. Mpaka leo ukienda upande wa Trieste ukaagiza spritsi nyeupe unaletewa mvinyo mweupe na maji ya gesi, basi, hakuna rangi. Rangi ya chungwa ilikuja baadaye. Mwaka 1919 ndugu wawili wa Padova, Luigi na Silvio Barbieri, walitoa kinywaji chao cha Aperol kwenye maonyesho ya biashara ya mji ule, na mwaka uliofuata Venezia nao wakawa na chao, Select, chekundu zaidi na kichungu zaidi. Hivi ni vinywaji vya kufungulia tumbo, vinanywewa jioni kabla ya chakula, na uchungu wake unatoka kwenye maganda ya machungwa, mizizi ya porini na magome. Ukitaka kujua ladha yake bila kununua chupa, tafuta danzi, sio chungwa la kawaida, danzi lile la kukamulia kwenye samaki, likwaruze ganda na kucha halafu unuse. Ule ukali wa harufu, halafu uchungu unaobaki nyuma ya ulimi ukilamba, ndio huo. Mtu aliyekulia pwani hahitaji maelezo marefu hapo.

Sasa vipimo. Ukiona watu wanasema tatu-mbili-moja wanamaanisha sehemu 3 za mvinyo wa mapovu, sehemu 2 za Aperol, sehemu 1 ya maji ya gesi. Kwa glasi moja ni mililita 90, 60 na 30. Hiyo ya mwisho wengine wanaiandika tu "mmiminiko kidogo", ila mi napenda kuipima mpaka mkono uzoee. Kama huna kipimo cha baa usihangaike, kijiko cha chakula ni mililita 15, kwa hiyo ni vijiko 6, vijiko 4, vijiko 2. Au chukua kikombe kile kidogo cha kahawa chungu, jaza mara tatu, mara mbili, mara moja, alimradi kikombe ni kile kile na glasi yako ina nafasi. Uwiano ndio unaofanya kazi, ukubwa wa kikombe utaamua tu unalewa kiasi gani.

Kuhusu kulewa tumalize hapa hapa. Aperol ina kilevi asilimia 11, na Prosecco nyingi nazo zinacheza hapo hapo kwenye 11, kwa hiyo glasi moja ya mililita 180 ina kilevi kitupu kama mililita 16 na nusu, yaani ni asilimia 9 hivi kabla barafu haijayeyuka. Bia ya nusu lita ya asilimia 4.2 ina 21. Kwa hiyo glasi moja ni chini ya bia moja, lakini haina uzito wa bia, inateremka kama sharubati, na mtu anamaliza tatu kabla hajaagiza samaki. Sasa ukitoa Aperol ukaweka Campari kwa kipimo kile kile cha 60, hesabu inageuka kabisa maana Campari chupa nyingi ni asilimia 25, na hapo glasi moja inafika karibu 25 ya kilevi, imeshaipita bia. Nimeona mtu anabadilisha chupa akidhani ni rangi tu imebadilika. Ukitumia Campari shuka mpaka 40 na uongeze maji ya gesi kidogo, au umwambie mgeni anachokunywa.

Siku moja kabla: barafu na friji

Ndio, siku moja kabla. Hapa watu wengi wanaruka.

Barafu nzuri kwa spritsi ni vipande vikubwa, vigumu, vikavu. Trei za friji zile za vipande vidogo vidogo zinafaa kama huna kingine, ila mi natumia vibakuli vya plastiki vya siagi, najaza maji nusu, nagandisha, kesho yake natoa bonge naligonga na mgongo wa kisu kizito linavunjika vipande vitatu vinne vya ukubwa wa yai la kuku. Barafu za mifuko zinazouzwa mtaani ni sawa kupozea chupa kwenye ndoo, ila ya kuweka ndani ya glasi tengeneza mwenyewe kwa maji unayokunywa. Na funika. Friza nyingi za kwetu zinalala na changu na nguru, na barafu inanyonya harufu kama kitambaa, spritsi yenye harufu ya samaki utaijua kwa jinsi mgeni anavyoinusa mara ya pili. Weka vibakuli vyenye kifuniko au vifunge ndani ya mfuko, halafu kabla ya kutumia kwaruza kipande kimoja unuse.

Chupa zote tatu ziingie friji usiku uliotangulia, na ninaposema zote tatu namaanisha na Aperol, na maji ya gesi pia. Watu wanapoza mvinyo kwa sababu wamezoea mvinyo unapozwa, Aperol inabaki kabatini kwa sababu imekaa kama dawa. Ile 60 ya kabatini ni theluthi ya kinywaji chako na ina joto la chumba.

Nikuonyeshe hesabu ya kosa langu la Watamu, niliifanya baadaye sana nikiwa nimetulia, na haitaki shule kubwa. Kinywaji ni 180, kiko nyuzi 30, mgeni anakitaka kiwe nyuzi 2 au 3. Ili kukitoa 30 mpaka huko, barafu iliyoanza kutoa maji inabidi iyeyuke kama gramu 60. Gramu 60 za barafu ni mililita 60 za maji, yameingia ndani ya glasi ndani ya dakika chache bila mtu kuyamimina. Sasa jumlisha: mvinyo 90, Aperol 60, maji ya gesi 30 pamoja na maji ya barafu 60, yaani maji jumla 90. Tatu-mbili-moja yangu imekuwa tatu-mbili-tatu! Yule mzee alikuwa na haki yake, nilimuoshea machungwa kweli.

Fanya hesabu ile ile na chupa zilizotoka friji zikiwa nyuzi 5. Barafu inayohitajika kuyeyuka ni gramu 4 mpaka 7 tu, haifiki hata nusu kijiko cha chakula. Huwezi hata kuionja. Glasi ile ile, mkono ule ule, vipimo vile vile, tofauti ni usiku mmoja wa friji.

Na ndio maana barafu kavu ni bora kuliko barafu iliyokaa kwenye ndoo inaogelea. Iliyotoka friza saa hiyo, ile inayonata kidole, ina baridi ya akiba ndani yake, inapoza kwanza ndipo ianze kuyeyuka. Ile ya kwenye ndoo tangu saa kumi imeshamaliza akiba, na juu imebeba maji yake ambayo nayo yanaingia kwenye glasi. Vipande vikubwa vinasaidia kwa sababu ile ile ya sukari guru na sukari laini, kitu kilichosagwa kinaguswa pande nyingi kinaisha upesi. Kwa hiyo barafu ya kusaga wekea juisi za watoto.

Kununua mvinyo bila kudanganywa na lebo

Kule kwao ni Prosecco, mvinyo wa mapovu wa zabibu inayoitwa Glera, unaotoka Veneto na Friuli. Malindi na Watamu unaipata kwa sababu Wataliano wako wengi, Nairobi na Dar madukani makubwa ipo, Unguja hotelini ipo. Ukikosa, mvinyo wowote mkavu wa mapovu utafanya kazi, kuna wa Afrika Kusini, kuna Cava ya Uhispania, usiache kupika kwa kukosa giligilani.

Cha kuangalia ni neno moja kwenye lebo. Aperol yenyewe ni tamu, tamu sana, uchungu wake umefunikwa na sukari, kwa hiyo mvinyo unatakiwa uwe mkavu upunguze utamu. Tafuta palipoandikwa Brut. Hapo sukari ni chini ya gramu 12 kwa lita. Sasa mtego: ukiona Extra Dry, na ukijua kidogo Kiingereza, utadhani ndio mkavu kuliko wote, kumbe una sukari zaidi ya Brut, 12 mpaka 17, na ulioandikwa Dry peke yake unaenda 17 mpaka 32. Majina yamekaa kinyumenyume. Extra Dry haitaharibu spritsi, Wataliano wengi wanaitumia, ila ukiona mtu anasema spritsi yako inakwama kooni kama dawa ya kikohozi, rudi kwenye lebo. Na usinunue chupa ya bei ya juu sana, ukishaweka 60 za machungwa machungu juu yake hakuna anayejua ulitoka kilima gani.

Halafu hii soda. Kwetu ukimwambia mtu "ongeza soda" atachukua Sprite au Krest, na hana kosa, ndio soda anayoijua. Mi mwenyewe nilimtuma kijana wa jikoni dukani akaniletea kreti ya soda ya limau, tukaimimina wageni sita kabla mtu hajaonja. Kinachotakiwa ni maji ya gesi yasiyo na sukari wala ladha, yale ya chupa au ya kopo, waulize dukani wakupe soda ya maji. Toniki pia hapana, ina sukari na ina uchungu wake wa kwinini unaopigana na uchungu wa Aperol. Na fungua chupa ndogo ndogo, ile ya lita ukifungua saa kumi na mbili, saa mbili usiku imeshakufa, na maji yaliyokufa ndani ya spritsi ni maji tu.

Kumimina

Chukua glasi kubwa ya mvinyo, ile yenye tumbo na mguu, ya mililita 400 au 500. Usiogope ukubwa, nusu yake ni barafu. Mguu una kazi yake, unashika mguu, kiganja hakigusi tumbo la glasi, joto la mkono linabaki kwako. Kama una glasi nene ya kawaida kunywea, wala hakuna kesi.

Jaza barafu mpaka juu kabisa. Hapa watu wanabania, wanaweka vipande viwili vinavyoelea kama mitumbwi, wanadhani barafu chache ni maji machache. Ni kinyume. Vipande viwili vinapoza kwa taabu, vinayeyuka vyote, halafu hakuna kilichobaki cha kulinda kinywaji na unaishia na maji na joto kwa pamoja. Glasi iliyojaa inabaki baridi na barafu zinalindana.

Zungusha barafu ndani ya glasi mara mbili tatu na kijiko ili glasi yenyewe ipoe, halafu inamisha umwage maji yaliyojikusanya chini. Kuna faida ya pili hapa ambayo haionekani, barafu kavu ina juu palipokwaruza, na mvinyo wa mapovu ukigusa sehemu iliyokwaruza unatoa gesi yote kwa pamoja, unafurika. Ikilowa kidogo inakuwa laini, mvinyo unatulia.

Mvinyo kwanza. Inamisha glasi, mimina taratibu ukingoni, 90. Ukiumimina wima kutoka juu kama chai ya rangi utaona povu limepanda mpaka mdomoni, linapendeza kwenye video ila yale mapovu ndiyo uliyoyalipia yanaondoka.

Kisha Aperol, 60, kwa kuzunguka juu ya barafu. Mpangilio huu una sababu. Aperol ina sukari nyingi kwa hiyo ni nzito, inazama. Ukiiweka juu ya mvinyo inajichanganya yenyewe ikiwa safarini kwenda chini, unaona mistari ya rangi inashuka kati ya barafu kama maji ya mvua kwenye dirisha. Ukiiweka ya kwanza inalala chini, mvinyo unakaa juu, na itabidi ukoroge kwa nguvu mpaka gesi iishe. Nenda kwenye baa yoyote uangalie glasi iliyo nyekundu chini na njano juu, utajua aliyeko kaunta alianza na chupa gani.

Maji ya gesi mwisho, 30, katikati.

Kukoroga ni mara moja. Sio kuzungusha, ni kuinua. Ingiza kijiko kirefu ukingoni mpaka chini, inua barafu taratibu kama unavyogeuza wali usivunjike, toa kijiko. Imeisha.

Kipande cha chungwa kiwe cha chungwa la kawaida, limeoshwa vizuri kwa sababu ganda linaingia kwenye kinywaji. Kata nusu mwezi ya unene wa kidole kidogo, isukume kati ya barafu na glasi, usiiache juu juu ikawa inagonga pua ya mtu. Niliwahi kujaribu danzi nikidhani nimegundua kitu, jamani, uchungu juu ya uchungu na ukali juu yake, hapana. Kule Venezia wanachoma na zeituni ya kijani kwa kijiti, hasa kwenye ile ya Select au Campari, na ile chumvi kidogo inafanya uchungu uwe mtamu kwa namna ambayo siwezi kueleza. Jaribu mara moja kabla hujacheka.

Ukiwa na watu wengi

Uzuri wa tatu-mbili-moja ni kwamba inafanya kazi hata kwa chupa nzima. Chupa 3 za mvinyo za mililita 750 ni glasi 25. Chupa 2 za Aperol za mililita 700 ni glasi 23. Kwa hiyo nunua tatu kwa mbili, utapata glasi 23, na ule mvinyo unaobaki ni wako wewe uliyefanya kazi. Maji ya gesi ni chini ya lita moja, nunua chupa ndogo tatu za 300, utabakiwa na kidogo. Barafu ndio inayosahaulika, piga gramu 200 kwa glasi, hiyo ni kama kilo 5 za kuweka kwenye glasi peke yake, achana na ya kupozea chupa.

Usichanganye kwenye jagi saa nzima kabla. Najua inarahisisha, lakini jagi pana linatoa gesi na barafu iliyomo inayeyuka huku watu bado wanasalimiana. Panga glasi kumi mezani bila kitu, wakifika jaza barafu zote, pita na mvinyo glasi zote, pita na Aperol, pita na maji, pita na kijiko. Ukizoea mkono, glasi kumi hazikuchukui muda.

Kwa wasiokunywa pombe, na kwenye mkusanyiko wa pwani hao ndio wengi, usiwape juisi ya chungwa ukaiita spritsi. Italia kuna vichupa vya kinywaji kichungu kisicho na kilevi, Crodino na Sanbittèr, vyote vina gesi tayari, unamimina juu ya barafu na kipande cha chungwa. Ukivikosa, loweka maganda ya danzi kwenye shira ya sukari, chuja, weka vijiko viwili juu ya barafu ujazie maji ya gesi. Mama yangu mkubwa hagusi kilevi na hiyo ndiyo anayoiulizia.

Kusoma glasi iliyoharibika

Rangi inasema mengi. Spritsi nzima ina rangi ya chungwa inayong'aa, ukiweka kidole nyuma ya glasi unakiona. Ikipauka kama juisi ya jana, maji yamezidi, na kabla hujalaumu mkono wako gusa chupa zako. Usiongeze Aperol hapo, utaongeza sukari bila mapovu. Ongeza mvinyo kidogo, ikishindikana anza upya.

Ikiwa na rangi nzuri lakini ulimi hauchomwi na kitu, imelala tu, hiyo ni gesi imekwisha: au maji ya gesi yalikuwa yamefunguliwa zamani, au mtu amekoroga kama uji. Ikiwa tamu ya kuchosha angalia lebo ya mvinyo na angalia kama kuna mtu ameleta Sprite. Ikiwa chungu kupita kiasi basi chupa ni ya Campari na kipimo ni cha Aperol.

Na ikiwa nzuri mwanzoni halafu nusu ya pili ni maji, hapo hakuna kosa la kuchanganya, ni mnywaji anaongea sana. Jua la Watamu saa kumi na moja linampa dakika kumi na tano, ishirini akikaa kivulini. Sinyora alikuwa anapita mezani akiona glasi imepauka anaiondoa na kuleta nyingine ndogo, 45, 30 na 15 kwenye glasi fupi yenye barafu mpya, anasema kunywa hii kwanza, hadithi itakungoja.

Mvinyo uliobaki chupani funga na kizibo cha kubana chenye mikono, rudisha friji, kesho jioni bado una mapovu ya kutosha spritsi, keshokutwa upikie. Kijiko mdomoni mwa chupa hakizuii kitu, nimekijaribu usiku mzima na asubuhi kilichobaki kilikuwa ni kijiko.